Karatasi ya fomula mwanzoni mwa mtihani: yanayosemwa na yalivyo

Wapo watahiniwa ambao, mtihani ukianza, hawagusi swali la kwanza. Wanavuta karatasi ya rafu, wanaandika haraka fomula na mambo machache kutoka kichwani, kisha ndipo wanafungua maswali. Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa trigonometria, maana huko fomula zinafanana mno, na alama ya kutoa ikigeuka kujumlisha hesabu yote inaharibika.

Dhana: Huko ni kuibia mtihani

Si kuibia, ilimradi kila kilichoandikwa kimetoka kichwani, baada ya mtihani kuanza rasmi, kwenye karatasi uliyopewa na msimamizi. Karatasi uliyoiandaa nyumbani haivuki mlango wa chumba cha mtihani.

Wanaoponzwa ni wale wanaoanza kuandika mapema, msimamizi akiwa bado anasoma maelekezo. Kuna mitihani ya kompyuta inayokataza kabisa kuandika wakati wa maelezo ya utangulizi, hata kama karatasi iko mbele yako. Soma kanuni za mtihani wako kabla ya siku yenyewe. Kama hakuna karatasi ya rafu na unaandikia kwenye kijitabu cha majibu, weka neno "rafu" juu yake na ukate kwa mstari mmoja ukishamaliza, ili msahihishaji asidhani ni jibu.

Dhana: Kadiri inavyojaa ndivyo inavyosaidia

Hili ndilo linalowapotezea watu muda zaidi. Mtu anafungua kitabu, anakuta fomula zaidi ya ishirini za trigonometria, anaamua kuzibeba zote. Dakika kumi za mtihani zinaishia hapo, na mkono umechoka kabla ya swali la kwanza.

Kila fomula iulize: nikiisahau, naweza kuipata kutoka kwa nyingine ndani ya nusu dakika? Ukijibu ndiyo, haina haja ya kukaa kwenye karatasi. Kwa trigonometria mistari hii mitatu inabeba mzigo karibu wote:

```
sin²A + cos²A = 1
sin(A+B) = sinA cosB + cosA sinB
cos(A+B) = cosA cosB − sinA sinB
```

Weka B = A kwenye mstari wa pili, unapata sin2A = 2 sinA cosA. Fanya hivyo hivyo kwenye wa tatu, unapata cos2A = cos²A − sin²A. Sasa tumia mstari wa kwanza kuondoa cos²A, inakuwa cos2A = 1 − 2sin²A. Ukitaka fomula za A − B, badili B iwe −B, ukikumbuka kwamba cos haibadiliki na sin inageuka alama. Ya tan unaipata kwa kugawanya mstari wa pili kwa wa tatu.

Mstari wa nne ningeuongeza mimi, ingawa nao unapatikana kwa njia hiyo hiyo: sin²A = (1 − cos2A)/2. Sababu ni kwamba kwenye kalkulasi unauhitaji ghafla, katikati ya swali refu, na kusimama kuutafuta kunakukatia mtiririko. Kwa hiyo kipimo cha nusu dakika kina nafasi ya busara ndani yake.

Kuna pia mambo yasiyo fomula ambayo yanastahili nafasi. Andika pembeni "nyuzi au radiani?" Kalkuleta iliyoachwa kwenye nyuzi wakati swali liko katika radiani inatoa majibu yanayoonekana ya kawaida kabisa huku yote yakiwa na makosa, na kanuni kwamba derivativu ya sin x ni cos x ni ya kweli pale tu x inapokuwa katika radiani.

Na kama karatasi ya mtihani inakuja na orodha ya fomula iliyochapishwa, usizirudie. Nafasi hiyo yape masharti ya kutumia fomula, ambayo orodha hizo mara nyingi haziyasemi.

Dhana: Ikishaandikwa, ni salama

Kumbe ndipo hatari inapoanzia. Fomula iliyokosewa hapo mwanzoni utaiamini kwa muda wote wa mtihani, kwa sababu iko kwenye maandishi yako mwenyewe, na kosa moja litaingia kwenye maswali matatu au manne. Kwa hiyo kila mstari unaotatanisha upimwe kwa namba unazozijua papo hapo.

Chukua A = nyuzi 60 na B = nyuzi 30, ambazo jumla yake ni 90. Tunajua sin 90 ni 1. Upande wa kulia, sin60 cos30 ni 3/4, na cos60 sin30 ni 1/4. Ukijumlisha unapata 1. Sawa. Kama ungeandika alama ya kutoa kwa bahati mbaya, ungepata 1/2, ambayo ni sin 30. Maana yake umeandika fomula ya A − B badala ya A + B. Kwa cos, jibu lazima liwe 0: cos60 cos30 ni √3/4, sin60 sin30 nayo ni √3/4, ukitoa zinaisha. Ukijumlisha unapata √3/2, ujue umegeuza alama. Kipimo hiki hakitaki kalkuleta, na hakimalizi dakika.

Usipime kwa A = B = 0. Sifuri inaficha makosa: kwa namba hizo sin inatoa 0 na cos inatoa 1, alama iwe ya kujumlisha au ya kutoa.

Dhana: Nikiisoma mara nyingi itakaa kichwani

Kuitambua fomula ukiiona ni jambo moja, kuitoa kichwani kwenye karatasi tupu ni jambo jingine. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na wale waliojaribu kukikumbuka bila kukiangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja hali iligeuka, waliojipima wakakumbuka zaidi.

Basi zoezi lifanane na siku yenyewe. Funika nakala, weka saa, andika yote kwa mpangilio uleule na kila kitu mahali pake palepale, kisha linganisha na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Ukivuka dakika nne, punguza mistari. Mstari unaokosewa kila siku uusogeze juu kabisa, uandikwe wa kwanza wakati kichwa bado kimetulia.

Dhana: Kila mtihani uanze hivyo

Piga hesabu kwanza. Mtihani wa saa tatu wenye alama 100 unakupa takriban dakika 1.8 kwa alama moja, hivyo dakika nne ni gharama ya alama mbili na kidogo, na karatasi inaweza kuirudisha. Mtihani wa maswali 50 kwa dakika 40 ni kisa kingine: kila swali lina sekunde 48, na dakika hizo nne ni maswali matano. Hapo andika mistari miwili unayoiogopa zaidi, uendelee.

Na mstari ukigoma kuja, acha nafasi yake wazi usonge mbele. Mara nyingi swali lenyewe, kwa jinsi lilivyoandikwa, ndilo litakaloukumbusha, na utarudi kuujaza kwa sekunde chache.