Raba ya mtumba inang'aa kumbe soli imeshakufa: bonyeza kabla hujalipa

Hapa chuoni nafundisha ufundi viatu, na malalamiko ninayoletewa sana ni haya: mtu kanunua raba ya mtumba pale soko la Karume, safi kabisa, kama haijavaliwa, kaivaa siku mbili tatu soli ikaanza kumeguka kama keki kavu. Anamlaumu muuzaji kwamba kampiga, saa nyingine ni kweli ila mara nyingi hata muuzaji hajui.

Shida ni ile sponji nene iliyo katikati ya soli ya chini na kiatu chenyewe. Kuna viatu vingi ambavyo sponji hiyo ni poliyurethani, na poliyurethani inaliwa na unyevu wa hewa polepole, ndani kwa ndani, hata kiatu kikiwa kimekaa tu kwenye boksi. Ndo maana kiatu kilichohifadhiwa miaka na miaka kabatini huko Ulaya kinaweza kuwa kibovu kuliko kilichovaliwa kila siku, alafu kikija huku kwenye joto na unyevu wa Dar kinamalizikia hapo hapo. Kwahiyo usafi wa nje usikudanganye.

Cha kwanza angalia lebo ndogo iliyoshonwa ndani ya ulimi wa kiatu au ubavuni, raba nyingi za kampuni kubwa zinaandikwa tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa imepita miaka kama 8 hivi kuwa makini, sio lazima iwe imekufa ila ipime vizuri. Bonyeza sponji kwa kucha ya dole gumba pale karibu na kisigino, sponji ambayo bado ni nzima inabonyea na kurudi. Ukiona inabaki na shimo, inanata, inatoa unga au inapasuka vimistari, rudisha. Kisha kunja kiatu pale vidole vinapokunjia na usikilize, kikilia kama kinachanika basi ndo hivyo. Na usikubali ile ya "fundi atabandika gundi", gundi inataka kitu kigumu cha kushika, sponji iliyooza itabanduka tena na gundi yake juu. Hapo dawa ni kubadili soli nzima, ambayo saa nyingine inakula hela kuliko kiatu.

Juzi mwanafunzi aliniletea pea mbili nimchagulie. Ya kwanza elfu 45, nyeupe, soli chini haina hata mkwaruzo, lebo inasema 2013. Ya pili elfu 25, imechubuka mbele, kisigino kimelika kidogo upande wa nje, soli ya mpira mtupu imeshonwa kwa uzi kuzunguka. Ile nyeupe nilivyobonyeza ikaacha unga kwenye kucha. Ya pili tukaigeuza tukaangalia mifereji ya chini, na hapa kuna ujanja mzuri: pale katikati chini ya upinde wa mguu huwa hapagusi sana ardhi, kwahiyo mfereji wa pale unakuonyesha kina cha mwanzo. Pale katikati ulikuwa milimita 4 hivi, kisigino milimita 2, maana yake mpira wa kukanyagia umebaki kama nusu. Tukachukua hiyo. Kama kisigino kimelika mpaka unaona rangi nyingine ya ndani, hicho kimeisha hata kama juu kinang'aa.

Kulika upande wa nje wa kisigino nyuma ni kawaida, watu wengi tunakanyaga hivyo. Weka pea juu ya meza au sehemu yoyote bapa uiangalie kwa nyuma, ikiwa imelala upande mmoja jua mwenye nayo wa kwanza alishaipinda kwa mguu wake, na wewe utalazimishwa kutembea kama yeye, goti litakuambia. Kwa mtoto ndo usinunue kabisa ya hivyo.

Sasa usafi. Toa soli ya ndani, kama imegandishwa ivute kidogo, uangalie chini yake na unuse. Madoa meusi au harufu ya ukungu maana yake kiatu kilikaa na unyevu, na fangasi wa miguu anaweza kuishi humo miezi. Ingiza mkono mpaka mbele kabisa, kuna misumari, bitana iliyochanika, hata mchanga, na mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asiruke hatua hii maana hatasikia kikimchoma.

Ukifika nyumbani ile soli ya ndani itupe ununue mpya, usiifue. Raba ya kitambaa fua kwa sabuni, ya ngozi futa ndani kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, jaza magazeti, badilisha yakilowa, anika penye upepo mpaka kikauke kabisa ndani, siku mbili si nyingi. Jua pekee halitoshi kwasababu halifiki kule mbele kwenye vidole, na jua kali la mchana kutwa linalegeza gundi. Poda ya fangasi ya duka la dawa nyunyiza kabla hujavaa, na uvae na soksi.