"Tumeshamhamisha huyo dada": dhana potofu kuhusu hatua za muda wakati wa uchunguzi

Msimu wa korosho ukishika kasi, kuanzia Mikindani mpaka Nachingwea, napigiwa simu na mameneja tofauti wenye maneno yale yale: "Kuna dada kamlalamikia msimamizi wake. Tumeshamhamisha huyo dada, tunasubiri uchunguzi." Wanasema kama watu waliomaliza kazi.

Dhana: Anayelalamika ndiye wa kuhamishwa, kwa usalama wake.

Chukua kiwanda cha kubangua korosho. Dada wa meza ya kumenya anasema msimamizi wa zamu anamtaka kimapenzi, na tangu alipokataa, kilo zake zinaandikwa pungufu. Uongozi unampeleka kufagia uwanja. Sasa hesabu: mezani alilipwa kwa kilo, uwanjani analipwa posho ya siku, ndogo zaidi. Amelalamika, kipato kimeshuka. Kwa macho ya kila mtu pale kiwandani ameadhibiwa, hata kama barua inasema "kwa usalama wako".

Wenzake mezani wameona nani kaondoka na nani kabaki. Wawili waliokuwa wakimwona msimamizi akifuta namba wataitwa kuhojiwa, na watasema hawakumbuki kitu. Nawaelewa, maana kesho anayepanga zamu ni yule yule. Na daftari la kilo, ambalo ndilo ushahidi wenyewe, bado liko mfukoni kwa mtuhumiwa.

Anayepaswa kupisha ni mtuhumiwa. Lakini hapa napo kuna mtego, kwa sababu wengine humhamishia ghalani halafu wakaridhika. Kabla ya kumtoa, jiulize anashika nini: daftari la kilo, ratiba ya zamu, au neno la mwisho getini kuhusu kibarua gani aingie leo? Akiwa ghalani huku bado anapanga zamu, hamjamhamisha, mmembadilishia kiti tu.

Siku hiyo hiyo chukueni daftari mbele ya watu wawili, hesabuni kurasa, kila mmoja asaini. Mizani apewe mtu mwingine ambaye si swahiba wake. Mlalamikaji abaki mezani kwake. Kama mlishampeleka kufagia, rudisheni na mumfidie tofauti ya malipo. Akiomba mwenyewe kuhama, sawa, ila aombe kwa maandishi na kipato chake kisiguswe. Mtuhumiwa naye ahamie kazi ya ngazi ile ile, kwa mshahara ule ule.

Kama kiwanda ni kidogo, geti moja, kantini moja, na hamna namna ya kumtenga na ratiba, basi asimamishwe kazi kupisha uchunguzi, akilipwa mshahara kamili. Barua itaje tuhuma kwa ufupi, iseme hii si adhabu, itaje tarehe ya kupitia upya uamuzi huo, na imkataze kumfuata mlalamikaji moja kwa moja au kupitia ndugu. Msisitizo wangu ni kwenye tarehe. Barua isiyo na tarehe huzaa uchunguzi usiokwisha.

Mtajuaje kama hatua imefanya kazi? Linganisheni kilo za yule dada za kabla na baada ya mizani kubadilisha mikono, muwe waangalifu kama ubora wa korosho umebadilika pia. Muulizeni kila wiki kama kuna anayemsumbua. Mashahidi wakianza kuja wenyewe, mmepatia.

Dhana: Anayechunguzwa hulipwa nusu mshahara, au halipwi kabisa.

Hii ya nusu mshahara watu wameitoa kwa watumishi wa umma, ambao wana kanuni zao. Kwa mwajiri binafsi, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, kanuni ya 27, zinaruhusu kumsimamisha mtu kwa tuhuma nzito wakati zinachunguzwa, kwa malipo kamili. Ukimkata, umeshampa hoja ya kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla hata hujamhoji.

Dhana: Kila tuhuma, simamisha kwanza.

Karani anayedaiwa kukosea stakabadhi anaweza kunyimwa nywila ya mfumo na funguo za ghala, akafanya kazi nyingine ofisini. Ukishaziba hatari, kumlipa mtu akae nyumbani mwezi wa Novemba, wakati malori yamepanga foleni, ni hasara ya kujitakia.

Dhana: Aliyesimamishwa asiongee na mfanyakazi yeyote.

Atajitetea vipi? Kabla ya kikao cha nidhamu anapaswa kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na huenda shahidi wake ni mpakiaji wa zamu ya usiku. Mkatazeni kumgusa mlalamikaji na mashahidi wa upande wake. Kwa wengine, mteulieni afisa mmoja atakayepokea maombi yake, iwe nakala ya ratiba au jina la mtu anayetaka aitwe, na kila ombi liandikwe limejibiwa lini.