Faili la MB 31 lenye mistari 2,314 tu

Mwenzangu mmoja aliniletea faili la Excel analohifadhi orodha ya vifaa. Alilalamika kwamba linachukua karibu dakika nzima kufunguka, barua pepe inalikataa, na kila akichuja safu moja kompyuta inaganda hadi anapata muda wa kunyoosha mgongo. Alishaamua kwamba kompyuta yake imezeeka. Nilikaa kwenye kiti chake, nikafungua laha kuu na kubonyeza `Ctrl+End`. Kishale kikaruka mpaka Z65536.

Data yake ilikuwa inaishia mstari wa 2,314, safu ya L.

`Ctrl+End` inakupeleka kwenye seli ambayo Excel inaihesabu kuwa ya mwisho kutumika, na Excel haitofautishi seli yenye maandishi na seli tupu iliyowahi kupakwa rangi au kuchorewa mistari ya pembeni. Namba 65,536 yenyewe ilinipa fununu, maana ndiyo idadi ya mistari katika laha za mfumo wa zamani wa `.xls`. Kuanzia Excel 2007 laha moja ina mistari 1,048,576. Yaani faili hili lilizaliwa zamani, mtu akapamba laha yote mpaka chini, na mapambo yale yakahamia kwenye faili jipya.

Kabla ya kugusa kitu chochote, mimi hulipasua faili kwanza nione uzito uko wapi. Faili la `.xlsx` ni zipu tu. Tengeneza nakala, badilisha herufi za mwisho za jina ziwe `.zip`, kisha ifungue. (Kama faili lina nenosiri la kulifungua, mbinu hii haifanyi kazi, kwa hiyo liondoe kwanza kwenye nakala.) Ndani yake kuna folda ya `xl`, na humo kuna mbili tunazozitaka: `worksheets`, yenye laha, na `media`, yenye picha.

Kwenye Windows, ukizitazama kwa mpangilio wa `Details`, utaona safu mbili za ukubwa, `Compressed size` na `Size`. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Laha kuu ya mwenzangu ilionekana na MB 6 baada ya kubanwa, lakini `Size` yake halisi ilizidi MB 40. Picha nazo zilikuwa na MB 23 kwenye safu zote mbili, kwa sababu picha za JPEG huwa zimeshabanwa na zipu haina la kuongeza.

Kwa hiyo faili lilikuwa na maradhi mawili. Lilikuwa kubwa kwa sababu ya picha, na lilikuwa zito kufunguka kwa sababu ya seli tupu. Ukitibu moja ukaacha jingine, utabaki unalalamika. Nilishawahi kumbania mtu picha zote, faili likabaki dogo kama karatasi, na bado likafunguka kwa kujikokota.

Mbona seli tupu inakula nafasi? Kila seli iliyopambwa peke yake inaandikwa ndani ya faili hata kama haina kitu:

```
<c r="H40217" s="14"/>
```

Hizo ni herufi 22. Safu 26 mara mistari 65,536 ni seli 1,703,936, wakati zenye data ni 27,768 tu. Nyingine zote ni maelezo ya seli ambazo hakuna anayezitazama, na zinakaribia MB 37 za maandishi. Zipu inayabana vizuri kwa vile yanafanana, ndiyo maana ukubwa unaouona kwenye folda unadanganya. Excel ikifungua faili inalazimika kuyakunjua yote na kuyasoma moja baada ya jingine.

Sasa, kabla ya kufuta, hakikisha unajua data inaishia wapi kweli. Usiamini macho, kwa sababu kunaweza kuwa na mstari uliofichwa au fomula inayoonyesha utupu. Ondoa vichujio vyote kwanza, maana utafutaji huu unaweza kuiruka mistari iliyochujwa, kisha bonyeza `Alt+F11`, halafu `Ctrl+G`, na kwenye dirisha dogo linalojitokeza chini andika mistari hii, ukimaliza kila mmoja kwa `Enter`:

```
? ActiveSheet.UsedRange.Address
? Cells.Find("*", , xlFormulas, , xlByRows, xlPrevious).Row
? Cells.Find("*", , xlFormulas, , xlByColumns, xlPrevious).Column
```

Wa kwanza unakuambia eneo ambalo Excel inadhani linatumika. Wa pili na wa tatu unatafuta kuanzia nyuma seli ya mwisho yenye kitu ndani, iwe thamani au fomula. Kwangu zilirudi `$A$1:$Z$65536`, kisha 2314, kisha 12, yaani safu ya L. Asiyetaka kuingia huko afungue `Ctrl+F` akiwa kwenye A1, aandike `*`, achague `Look in: Formulas`, kisha abofye `Find Next` huku ameshikilia `Shift`. Utafutaji utarudi nyuma na kutua kwenye mstari wa mwisho wenye kitu.

Baada ya hapo kazi ni fupi. Hakikisha vichujio bado vimeondolewa, kwa sababu ukifuta huku kichujio kimewashwa mistari iliyojificha inaweza kubaki. Kwenye kisanduku cha jina, kile cha kushoto juu kinachoonyesha seli uliyopo, andika `2315:65536` na ubonyeze `Enter`. Mistari yote itachaguliwa bila kuburuta kipanya. Bonyeza `Ctrl` pamoja na alama ya kutoa. Rudia kwa safu kwa kuandika `M:Z`. Kisha hifadhi faili, na hapo tu ndipo ujaribu tena `Ctrl+End`, kwa sababu mara nyingi Excel haisahau mpaka wa zamani mpaka uhifadhi. Wengi hufuta, wanajaribu papo hapo, wanaona kishale bado kinaruka mbali, wanakata tamaa.

Kosa jingine ni kutumia kitufe cha `Delete` cha kibodi. Kile kinafuta yaliyomo, na seli hizi hazina yaliyomo. Rangi na mistari ya pembeni inabaki pale pale.

Lakini kufuta mistari kuna mtego, na mimi mwenyewe uliwahi kuninasa. Tuseme laha nyingine ina `=SUM(Vifaa!L2:L5000)`, ambapo aliyeiandika aliacha nafasi ya data ijayo. Ukifuta mistari kuanzia 2,315, Excel inaibana fomula hiyo kimyakimya iwe `L2:L2314`. Jumla ya leo haibadiliki hata kidogo, kwa hiyo hushtuki. Wiki ijayo mtu anaongeza vifaa kwenye mstari wa 2,315 na kuendelea, na jumla haivioni. Kwangu iligundulika baada ya mwezi, na haikuwa siku nzuri. Afadhali fomula inayoelekeza moja kwa moja kwenye seli iliyofutwa, maana hiyo hupiga kelele kwa `#REF!` na unaweza kuisaka kwa `Ctrl+F` katika kitabu kizima.

Kwa hiyo nikiona fomula za aina hiyo, sifuti mistari. Nachagua eneo lile lile kisha naenda `Home`, `Clear`, `Clear All`. Mapambo yanaondoka, anwani za fomula zinabaki zilivyo. Ubaya wake ni mmoja: kama mtu alibadilisha urefu wa mistari kwa mkono, `Clear All` haiurudishi, na Excel inaweza kuendelea kuihesabu mistari hiyo. Ukiona umesafisha, umehifadhi, na `Ctrl+End` bado inakaidi, shuku urefu wa mistari kwanza. Hapo rekebisha fomula zitazame safu nzima, `L:L`, au geuza data iwe jedwali kwa `Ctrl+T`, kisha futa mistari bila wasiwasi.

Baada ya kusafisha, laha ya mwenzangu ilishuka kutoka MB 40 na ushei hadi chini ya 2 ikiwa imekunjuliwa. Faili lilifunguka kwa sekunde kama sita, na kichujio kikaitika papo hapo. Ila kwenye folda lilionekana na MB 25. Alivunjika moyo kidogo, mpaka nilipomkumbusha kuhusu picha.

Zilikuwa picha 14 za simu, kila moja ikiwa na pikseli 4,000 kwa 3,000, zimepunguzwa kwa kuvuta kona mpaka upana wa sentimita 5. Kuvuta kona hakupunguzi chochote. Picha inaonyeshwa ndogo, lakini pikseli zote milioni 12 ziko ndani. Kwa upana huo, ukitaka nukta 150 kwa inchi, unahitaji pikseli karibu 295 tu.

Bofya picha yoyote, nenda `Picture Format`, kisha `Compress Pictures`. Ondoa tiki kwenye `Apply only to this picture`, usije ukabana moja ukaacha kumi na tatu. Acha tiki kwenye `Delete cropped areas of pictures`, kwa sababu sehemu uliyoikata bado imehifadhiwa ndani, na yeyote unayemtumia faili anaweza kuirudisha aione. Chagua `Web (150 ppi)` kama faili ni la kusomwa kwenye skrini, au `Print (220 ppi)` kama litachapwa. Bonyeza `OK` na uhifadhi. Ukishafunga faili hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo nakala ile ya mwanzo usiitupe.

Picha mbili ziligoma kupungua vya kutosha. Nilipochungulia tena `media` nikakuta ni za PNG, aina inayofaa michoro na skrini zilizonaswa lakini ni nzito kwa picha za kamera. Nilizikata kwa `Ctrl+X` na kuzibandika upya kwa `Ctrl+Alt+V`, nikachagua `Picture (JPEG)`. Usifanye hivi kwa nembo yenye mandharinyuma ya uwazi, kwani uwazi huo utapotea.

Faili likaishia chini ya MB 3.

Wiki mbili baadaye alinipigia: `Ctrl+End` imeanza tena kutoroka, sasa iko mstari wa 10,000. Kumbe alitaka safu ya tarehe ifanane mpaka chini, akaburuta brashi ya mapambo juu ya seli elfu kadhaa. Nikamwambia abofye herufi ya safu pale juu kabisa na kupamba safu nzima kwa mkupuo mmoja, maana hapo Excel inaandika umbizo hilo mara moja kwa safu yote. Seli tupu moja moja haziandikwi, na kishale kinabaki kwenye data.