Kukatika pumzi usingizini kwa kiwango kidogo: ulalo, kifaa cha mdomoni, na kisu

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine hulegea kupita kiasi: ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Kifua kinaendelea kupanda na kushuka, lakini hewa haipiti. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, mtu anavuta pumzi kwa kishindo na kulala tena bila kujua kwamba aliamka. Hali hiyo ndiyo tunayoiita kukatika pumzi usingizini.

Ukali wake hupimwa kwa kuhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua sana kwa angalau sekunde 10. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni kiwango kidogo, 15 hadi chini ya 30 ni cha kati, na 30 kwenda juu ni kikali. Wa kiwango kikali kwa kawaida huanzishiwa mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa. Wa kiwango kidogo ana nafasi ya kuchagua, ila aangalie: neno "kidogo" linahusu hesabu tu. Dereva wa lori mwenye 11 kwa saa anayesinzia kwenye usukani hana tatizo dogo.

Jambo ambalo wengi hawalioni kwenye majibu ya kipimo ni kwamba namba kubwa inayoandikwa juu ni wastani wa usiku mzima. Chukua mfano wa mwanamume aliyelala saa 6, na pumzi ikakatika mara 72. Wastani wake ni 12. Ukifungua ukurasa unaoonyesha alivyolala, unakuta alilala chali kwa saa 2, na hapo pumzi ilikatika mara 52. Saa 4 zilizobaki alilala ubavu, ikakatika mara 20 tu. Yaani akiwa chali ana 26 kwa saa, na akiwa ubavu ana 5. Mtu huyu hana ugonjwa mmoja wa kiwango kidogo usiku kucha. Anaugua sana kwa saa mbili na kuugua kidogo mno kwa nne. Madaktari humhesabu kuwa mgonjwa wa ulalo pale namba ya chali inapokuwa mara mbili au zaidi ya ile ya ubavu, na watu wa namna hii ni wengi, hasa kwenye kiwango kidogo. Sababu yake ni uzito tu: ukilala chali, ulimi na taya vinavutwa kuelekea nyuma ya koo.

Kwa mtu wa mfano wetu, dawa ya kwanza ni kutolala chali. Njia ya zamani ni kushona mfuko mgongoni mwa fulana, katikati ya mabega, na kutia mpira wa tenisi. Kila akigeuka chali mpira unamsumbua, anarudi ubavu. Inafanya kazi, lakini wengi huiacha baada ya miezi kadhaa kwa sababu ya maumivu ya mgongo au kukatizwa usingizi. Siku hizi kuna vifaa vidogo vya kufunga kifuani au shingoni vinavyotetemeka mtu anapogeuka chali, na watu huvivumilia zaidi. Mto wa kuegemeza mgongo husaidia baadhi, ingawa mwenye kujigeuza sana hujikuta upande wa pili wa mto kabla ya alfajiri. Anayelala naye ndiye shahidi mzuri hapa. Akimkuta chali alfajiri mara kwa mara, mbinu imeshindwa.

Sasa badili mfano: mtu mwingine ana 12 kwa saa akiwa chali na 12 akiwa ubavu. Kumfungia mpira mgongoni ni kumtesa bure. Huyu ndiye anayefaa kufikiria kifaa cha mdomoni. Daktari wa meno huchukua alama ya meno ya juu na ya chini, kisha hutengenezwa vipande viwili vya plastiki ngumu vinavyovaliwa usiku na kuunganishwa kwa skrubu au mikanda midogo. Kazi yake ni kuvuta taya la chini mbele, na ulimi ulioshikamana na taya hilo hufuata, njia ya hewa nyuma yake ikapanuka.

Taya halivutwi lote kwa siku moja. Tuseme mgonjwa anaweza kusogeza taya milimita 10 kutoka nyuma kabisa hadi mbele kabisa. Huanzishiwa karibu na nusu, milimita 5, kisha huongezewa nusu milimita kwa hatua, hadi kukoroma na usingizi wa mchana vipungue au taya lianze kuuma. Wiki za kwanza mate hutoka kwa wingi, na asubuhi meno ya juu na ya chini hayakutani sawasawa kwa muda. Hiyo ni kawaida. Kisicho kawaida ni maumivu ya kiungo cha taya, mbele ya sikio, yasiyoisha kutwa. Kwa miaka, meno ya mbele yanaweza kuhama kidogo, ndiyo maana ziara kwa daktari wa meno haziishi. Mwenye meno machache, meno yanayotikisika kwa ugonjwa wa fizi, au asiye na meno kabisa hafai kifaa hiki, kwa kuwa hakina pa kushikilia.

Mtego mkubwa wa kifaa ni huu: kukoroma kunaweza kuisha huku pumzi ikiendelea kukatika kimyakimya. Mke au mume anafurahia ukimya, kumbe damu bado inapungukiwa oksijeni. Kwa hiyo kipimo cha usingizi hurudiwa mtu akiwa amevaa kifaa chenyewe, baada ya marekebisho kukamilika.

Kisu huja lini? Kwa mtoto mwenye tonsili kubwa na nyama za nyuma ya pua, huja mapema, maana kuziondoa mara nyingi ndiyo tiba ya kwanza. Mtu mzima mwenye tonsili zinazokaribia kugusana katikati ya koo naye anaweza kunufaika sana. Nje ya hapo, upasuaji hufikiriwa baada ya mashine, kifaa na ulalo kushindikana, na baada ya kujua pumzi inaziba wapi. Daktari wa masikio, pua na koo humlaza mgonjwa kwa dawa, akapitisha kamera nyembamba puani na kutazama koo linavyofunga. Kama linafunga nyuma ya ulimi, kupunguza kaakaa na kimio hakutasaidia kitu. Hapa Afrika Mashariki inafaa kusemwa wazi: kukatwa kimio kwa mganga, kama watoto wengi walivyofanyiwa kwa ajili ya kikohozi, si tiba ya ugonjwa huu na huweza kuleta kutokwa damu hatari.

Upasuaji wa kaakaa una maumivu makali ya wiki mbili hivi, na wengine hubaki na vinywaji kurudi puani au hisia ya kitu kilichokwama kooni. Matokeo yake hayatabiriki kama ya tonsili kubwa, na baadhi ya waliopona hurudiwa na tatizo baada ya miaka. Aliyepasuliwa hupimwa tena usingizi miezi michache baadaye, na kabla ya dawa ya usingizi ya upasuaji wowote, hata wa mguu, amwambie daktari wa nusukaputi kwamba pumzi yake hukatika.