Kontrasti ya slaidi hupimwa ukutani

Projekta haiwezi kurusha weusi. Kazi yake ni kurusha mwanga au kuuzuia. Mahali ambapo slaidi ina herufi nyeusi, projekta huwa haitumi mwanga wowote isipokuwa ule mdogo unaovuja kupitia lenzi, na kinachoonekana hapo ni ukuta wenyewe, vile ulivyokuwa kabla mashine haijawashwa. Ikiwa saa nne asubuhi ukuta wa ukumbi unaonekana mweupe, basi nyeusi yako itakuwa hiyo hiyo nyeupe ya ukuta. Mambo yote ya kuchagua rangi na unene wa herufi yanaanzia hapo.

Kontrasti ni uwiano kati ya mwanga wa sehemu angavu na mwanga wa sehemu yenye giza. Kwenye laptopu ndani ya nyumba, nyeupe na nyeusi huachana mara mamia. Ukumbini, mwanga wa madirisha unaangukia nyeupe na nyeusi kwa kiasi kile kile, na hesabu inakuwa hivi:

```
kontrasti = (mwanga wa projekta + mwanga wa ukumbi) / mwanga wa ukumbi
```

Tuchukue mfano wa ukumbi wa kanisa mjini Kisumu ambao chama cha akiba na mikopo kimeukodi kwa mkutano wake wa mwaka. Madirisha yako pande zote mbili, mapazia hakuna, na paa lina vipande vya mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Projekta ni ya kuazima. Ilipotoka dukani ilikuwa ya lumeni 2400, na lumeni ni kipimo cha mwanga wote ambao projekta inautoa, lakini taa yake imezeeka na mtu ameiweka kwenye `Eco`, hali ya kubana umeme inayopunguza mwanga. Tukadirie sasa inatoa lumeni 1200. Si makadirio ya ukali: muda wa maisha ya taa unaoandikwa na watengenezaji kwa kawaida ni muda ambao mwanga wake hushuka hadi nusu. (Projekta ndogo za bei rahisi zinazotangazwa kuwa na maelfu ya lumeni ni hadithi nyingine. Tafuta namba iliyoandikwa ANSI. Isipokuwepo, usiiamini ile kubwa iliyo kwenye boksi.)

Picha inarushwa ikiwa na upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 1.8, yaani mita za mraba 4.32. Gawanya lumeni 1200 kwa eneo hilo, utapata laksi 278, ambazo ni lumeni zinazoangukia kila mita ya mraba. Mwanga wa ukumbi unaoangukia ukuta huo tuseme ni laksi 300. Unaweza kuupima kwa simu yenye programu ya kupima mwanga: zima projekta, bana mgongo wa simu ukutani, kioo kikitazama watu, kwa sababu kihisi cha mwanga kwa kawaida kiko karibu na kamera ya mbele. Simu haipimi kwa usahihi wa maabara, ila itakuambia kama unashughulika na laksi 50, 300 au 3000, na hiyo inatosha.

Kontrasti ya nyeupe dhidi ya nyeusi ni 578 kwa 300, yaani 1.9. Mwongozo wa WCAG, ambao watengenezaji wa tovuti huufuata, unataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa maandishi makubwa. Kwa hiyo hata rangi mbili zinazoachana kuliko zote hazifikii kiwango cha chini. Huna akiba ya kutumia kwenye mapambo.

Sasa mweka hazina analeta slaidi zake. Mandhari ni buluu iliyokolea, `#000080`, kichwa cha hasara ni chekundu, `#FF0000`, na tarakimu ni nyeupe, nyembamba. Kwenye laptopu yake zinapendeza kweli. Lakini jicho halipokei rangi zote kwa uzito sawa. Ukiipa nyeupe mwanga wa 1, nyekundu kamili ina takriban 0.21, buluu kamili 0.07, kijani kamili 0.72, na njano 0.93. Ukiingiza namba hizo kwenye hesabu ya ukumbi wetu, nyeupe juu ya buluu ya mweka hazina inabaki 1.9, lakini nyekundu juu ya buluu hiyo inashuka hadi 1.2. Kichwa cha hasara, jambo ambalo wanachama wamekuja kulisikia, kinazama ndani ya mandhari. Wa mbele watakisoma kwa kukaza macho. Wa nyuma hawatajua kwamba kuna kitu kimeandikwa.

Njano juu ya nyeupe inakuja 1.04, ambayo ni sawa na kutoandika. Nyekundu kamili juu ya nyeupe ni 1.6, yaani inasomeka ila imefifia na kuwa ya waridi, kwa kuwa mwanga mweupe wa madirisha unachanganyika na kila rangi na kuiosha. Nyekundu iliyokolea, `#990000`, inafika 1.8, karibu na nyeusi yenyewe. Hapo kuna kanuni ya kushika: kwenye mandhari meupe, rangi ya herufi iwe ya giza kiasi kwamba kwenye laptopu unaiona karibu nyeusi. Hata hivyo usitegemee rangi ibebe maana. Nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea vinabaki na kontrasti nzuri, ila vikishaoshwa vinafanana mno kwa mtu aliyekaa mstari wa mwisho, na kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani vinafanana hata gizani. Andika neno "Hasara", weka alama ya kutoa, ongeza ukubwa wa herufi.

Kwa hesabu peke yake, nyeusi juu ya nyeupe na nyeupe juu ya nyeusi ni sawa. Mimi katika ukumbi wenye mwanga nachagua nyeusi juu ya nyeupe kila mara. Macho ya watu tayari yamezoea mwangaza wa madirisha, na slaidi nyeupe inafanya ukuta uwe mahali pang'avu panapoyavuta. Mboni pia hubana mbele ya mwangaza, na mboni iliyobana huona kingo za herufi kwa makali zaidi. Tena projekta nyingi za DLP, zile zinazounda picha kwa vioo vidogo sana, zinazouzwa kwa ofisi na shule zina gurudumu la rangi lenye kipande cheupe. Kipande hicho huongeza mwanga wa nyeupe tu, na rangi zenyewe haziongezeki. Ndiyo maana njano iliyong'aa kwenye laptopu inatokea ukutani ikiwa na rangi ya haradali. Mashine ya aina hiyo hukupa nguvu yake yote pale unapoitaka itoe nyeupe.

Unaweza kuuona ukumbi huo ukiwa bado nyumbani. Chora mstatili mweupe usio na mstari wa pembeni, ufunike slaidi nzima, kisha kwenye mipangilio ya ujazo weka `Transparency` 25%. Nyeusi itageuka kijivu cheupe, karibu `#BFBFBF`, na hicho ndicho kiasi cha weusi utakachobaki nacho kwenye kontrasti ya 1.9. Rangi za katikati hazitatoka sawasawa na za ukutani, lakini zitakaribia. Sasa rudi nyuma hatua kadhaa kutoka kwenye laptopu. Kilichopotea hapo kitapotea Kisumu pia. Kumbuka tu kuufuta mstatili huo kabla ya mkutano.

Unene wa herufi unaingia hapa kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Projekta nyingi za zamani zina vitone 800 kwa 600. Slaidi ya uwiano wa 4:3 ina urefu wa pointi 540, hivyo pointi moja inapata kitone kimoja na ushei. Herufi ya pointi 18 inapata vitone 20 hivi kwa ukubwa wake. Katika fonti nyembamba, zile zenye jina `Light`, mstari wa herufi ni karibu sehemu moja ya ishirini ya ukubwa huo, ambayo ni kitone kimoja. Kitone hicho mara chache hukaa mahali pake. Mstari ukiangukia kati ya vitone viwili, kila kimoja kinapata nusu ya weusi, na lenzi isiyolenga vizuri inausambaza zaidi. Kile ulichokihesabu kuwa 1.9 kinafika ukutani kikiwa kijivu hafifu, chini ya 1.5. Fonti ya kawaida kwa ukubwa huo hupata karibu vitone viwili, na ile iliyokolezwa hupata vitatu, kwa hiyo angalau kitone cha katikati kinabaki cheusi kamili. Kukoleza herufi katika ukumbi wa namna hii ni njia ya kulinda kontrasti uliyonayo, si ya kutilia mkazo. Koleza yote, kisha mkazo utafute kwa ukubwa, au kwa ukanda mweusi wenye herufi nyeupe.

Usikoleze kupita kiasi, lakini. Fonti zenye jina `Black` hufunga matundu ya a, e na 8, na kwa projekta yenye ukungu 8 na 6 zitageuka kitu kimoja. Kwenye jedwali la fedha hilo ni kosa kubwa kuliko rangi mbaya. Arial au Verdana ikikolezwa kwa `Bold` inatosha.

Bado tuko kwenye 1.9, na rangi haiwezi kutupandisha zaidi. Kinachoweza ni kusogeza projekta karibu. Picha ikipungua hadi mita 1.6 kwa 1.2, lumeni zile zile 1200 zinaangukia mita za mraba 1.92, na tunapata laksi 625. Kontrasti inakuwa 925 kwa 300, takriban 3.1. Ukizima `Eco` inapanda tena. Gharama yake ni kwamba herufi nazo zimepungua kwa theluthi. Kama mstari wa mwisho wa viti uko mita 12 kutoka ukutani, nisingekubali herufi kubwa fupi kuliko sentimita 6, na kwenye picha ya urefu wa mita 1.2 hiyo inadai pointi 40. Slaidi moja haitabeba zaidi ya mistari saba. Jedwali la mweka hazina la mistari 20 inabidi ligawanywe: mapato, matumizi, gawio, kila moja na slaidi yake, na jedwali zima lichapishwe kwenye karatasi.

Chagua pia ukuta na saa. Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, hivyo mwaka mzima jua la saa sita hukaribia utosi na kushuka moja kwa moja kupitia mabati yale ya plastiki. Ripoti ya fedha iwekwe mapema asubuhi, kwenye ukuta usiotazamana na madirisha ya mashariki. Doa la jua likitua juu ya picha, mwanga wa hapo unaruka hadi maelfu ya laksi. Kwa laksi 5000, hata ile picha ndogo yenye laksi 625 inabaki na kontrasti ya 1.1, na hakuna rangi wala unene utakaosomeka. Hapo hamisha picha, au zima projekta na usome namba kutoka kwenye karatasi.