Kibao kisibishane na mpiga debe

Mtwara mjini kuna kata inaitwa Reli, na treni haipiti. Reli ya kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 treni zikakoma, jina likabaki. Aliyelitamka mara ya kwanza hakuwa akihifadhi historia, alikuwa akielekeza mtu njia tu.

Naanza na Reli kwa sababu madiwani wakikaa kuipa jina stendi au soko jipya, mvutano huwa uleule. Wazee wanataka jina la pale palipojengwa. Wengine wanataka jina lisilo na upande, kama Stendi Kuu au Soko Jipya, ili asilalamike mtu. Mimi nasema majina yanayoitwa hayana upande ni ya aina mbili, na hayafanani. Moja linataja kitu kinachoonekana: reli, mnazi, kisima. Hilo kitu kikitoweka hugeuka kumbukumbu. Jingine linataja umri au cheo. "Mpya" huchakaa kabla ya rangi ya ukuta, na "Kuu" hupoteza maana siku halmashauri inapojenga kubwa zaidi. Ndipo msafiri anapoulizwa kama anashukia stendi mpya au stendi mpya ya zamani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Halmashauri ya mji mkoani Mtwara inahamishia mabasi nje kidogo ya mji, palipokuwa na mikorosho. Wenyeji wanapaita Mbuyuni. Mezani kuna majina matatu: Stendi Mpya, Mbuyuni, na jina la mzee aliyekuwa na shamba pale.

La mzee nalianza, maana ndilo lenye maneno mengi. Swali la kwanza ni kama alilipwa fidia au alitoa ardhi bure. Kama alilipwa, familia ya jirani yake aliyelipwa vilevile itauliza kwa nini yeye asiandikwe. Kama alitoa bure, heshima anastahili, lakini kabla ya kuandika chochote ofisi ya ardhi ithibitishe mipaka na wenye haki wote, wakiwemo wa upande wa mama. Ukoo wa mama huku kwetu kusini si wa kupitiwa juujuu. Mara nyingi heshima hiyo hukaa vizuri kwenye jengo la kupumzikia abiria, na stendi yenyewe ikabaki na jina la mahali.

Mbuyuni lina tatizo lake: Mbuyuni ni nyingi. Kwa hiyo mtu aende kwa wakata tiketi, awaulize kama kwenye njia hizohizo kuna kituo kingine cha jina hilo. Jina kurudiwa mbali si kosa. Mnazi Mmoja ya Lindi, barabara inapogawanyika kwenda Masasi na Mtwara, haimchanganyi abiria aliyepanda Dar es Salaam kuliko na Mnazi Mmoja nyingine, kwa kuwa nauli yenyewe inasema. Kosa ni vituo viwili vya jina moja ndani ya safari moja. Likitokea hilo, ongeza jina la kata, usitupe jina la wenyeji.

Kisha sikiliza wapiga debe na bodaboda wiki mbili tatu tangu ujenzi uanze. Mafundi na mamantilie huwa wameshalipatia eneo jina. Kama wote wanasema Mbuyuni, kibao cha Stendi Mpya kitakuwa cha wageni peke yao, nao wakiuliza hawaelekezwi.

Angalia pia tahajia. Majina yetu mengi huanza na Chi na Na: Chikongola, Nanyamba, Naliendele. Karani asiyejua hunyoosha Chi ikawa Ki, na jina linakuwa si la mtu yeyote. Liandikwe kama wazee wanavyolitamka kwenye mkutano wa mtaa, na muhtasari ubaki na herufi hizo hadi kamati ya kata, kamati ya mipango miji na Baraza la Madiwani. Likishaingia kwenye mikataba ya vibanda, risiti za ushuru na ratiba za mabasi, kusahihisha herufi moja kunadai karatasi nyingi.

Si kila kumbukumbu inafaa. Mikindani pana jengo linalojulikana kwa jina la soko la watumwa. Kwa jengo la kihistoria jina hilo lina kazi yake, ila mama anayeuza mihogo hapaswi kulibeba kila asubuhi. Wenyeji wakisema jina linawauma, mkutano uandike hivyo, na utafutwe mti, kisima au kilima kilicho karibu.

Soko la Chuno, Mtwara, limechukua jina la mahali lilipo. Mwambie dereva wa bajaji "Chuno sokoni", ataondoka bila kuuliza swali.