Je, wajua? Ile ±2.16 chini ya kura ya maoni inasema nini

Kila kura ya maoni wanaandika pale chini "kiwango cha makosa ni asilimia 2 na kitu", sasa hiyo namba inaniambia nini haswa kuhusu nani anaongoza?

Inakuambia jambo moja tu: kama wangerudia kazi ileile kwa njia ileile lakini wakahoji watu wengine, majibu yangeyumba kiasi gani kwa sababu ya bahati ya nani kachaguliwa. Basi. Haikuambii kama mtu alidanganya, kama swali liliulizwa vibaya, au kama waliokata simu ni tofauti na waliojibu.

Tuchukue Kenya, Agosti 2022, manake pale kila kitu kilionekana wazi. Siku chache kabla ya uchaguzi wa rais kampuni ya utafiti ya TIFA walitoa yao: Raila 46.7, Ruto 44.4, waliohojiwa 2,056, kiwango cha makosa ±2.16. Hiyo 2.16 unaweza kuipata mwenyewe kwa kalkuleta ya simu, chukua 98 ugawe kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa:

```
98 / √2056 = 2.16
```

Ona kwamba idadi ya wapiga kura wote haipo hapo ndani. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 22 lakini hesabu haiwajali, inajali umehoji wangapi, na ukitaka kupunguza makosa nusu lazima uhoji watu mara nne, ndio maana kampuni nyingi zinaishia elfu mbili hivi, pesa inaisha kabla ya makosa kuisha.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanateleza, ata watangazaji. Ile ±2.16 ni ya kila mgombea peke yake, sio ya pengo kati yao. Raila angeweza kuwa kati ya 44.5 na 48.9 hivi, Ruto kati ya 42.2 na 46.6, na kwa sababu mmoja akipanda mwenzake kwa kawaida anashuka, pengo linayumba karibu mara mbili, hapa kama 4.1. Pengo lao lilikuwa 2.3. Kwa hiyo ukweli ungeweza kuwa Raila mbele kwa 6 au Ruto mbele kwa karibu 2, na zote mbili zingeendana na kura ileile. Kuandika "Raila anaongoza" bila kuongeza neno ilikuwa ni kumkosea msomaji. Na hizo mipaka zenyewe sio ukuta, zimepigwa kwa asilimia 95, yaani ata kila kitu kikifanywa sawa, mara moja kati ya ishirini jibu la kweli liko nje.

Lakini kuna ile ya kampuni nyingine, Ipsos, ya siku zilezile, na kwangu hii ndio yenye funzo zaidi. Watu 6,105, kiwango cha makosa ±1.25, Raila 47, Ruto 41. Pengo ni 6, na hapa pengo linayumba kama 2.4 tu, kwa hiyo msomaji makini aliyefanya hesabu zote vizuri angesema Raila yuko mbele kweli. Tume ya uchaguzi, IEBC, wakatangaza Ruto 50.49, Raila 48.85.

Angalia kilichotokea: namba ya Raila haikuwa mbali sana, kutoka 47 hadi 48.85. Ya Ruto ndio iliruka zaidi ya pointi 9, na hakuna bahati ya sampuli inayoleta mruko kama huo kwa watu elfu sita. Kuna kitu kingine kilikuwa kinafanya kazi na ±1.25 haikukijua: waliokataa kusema, ambao hawajaamua, waliosema watapiga na hawakwenda (waliojitokeza ni karibu 65 kwa mia), na waliobadilisha mawazo mwishoni bila kuonekana, maana sheria ya Kenya hairuhusu kuchapisha kura za maoni siku tano za mwisho.

Ndio maana sampuli kubwa inaweza kukudanganya ukajiamini zaidi. Ukihoji watu wengi unapunguza bahati, lakini kama upande mmoja unaogopa kujibu, utapata jibu lilelile lililopinda, safari hii na kiwango cha makosa kidogo kinachong'aa.

Na wakikuvunjia matokeo kwa kanda, usitumie tena ile namba ya chini. Kanda yenye wahojiwa 200 ina makosa yake, karibu asilimia 7.

Mimi nikishika kura ya maoni naanza kujumlisha wagombea wakuu. Kwa Ipsos 47 na 41 ni 88, zimebaki 12, na wale wagombea wengine wawili siku ya kura hawakufikisha ata asilimia moja wakijumlishwa. Pengo lilikuwa 6, na ambao hatukujua wataenda wapi walikuwa karibu mara mbili ya hilo pengo.